Kubadili maneno, kugeuza kitenzi au kusema upya: njia tatu za kulainisha sentensi yenye harufu ya tafsiri

Tuanze na sentensi yenyewe, kwa sababu ulinganisho wa njia za uhariri bila sentensi mkononi huishia hewani. Ni ya kipeperushi kinachofungwa pamoja na vidonge vya zinki, ambavyo mtoto wa miezi 6 na kuendelea hupewa anapoharisha, na inasomeka hivi:

"Ni muhimu kwamba kidonge kimoja kinatolewa na wewe kwa mtoto wako kila siku kwa kipindi cha siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumeacha, kwa ajili ya kuhakikisha upatikanaji wa faida kamili ya matibabu."

Kila neno hapo ni la Kiswahili, na msomaji mvumilivu atafika mwisho akiwa ameelewa. Hata hivyo hakuna muuguzi ambaye angemwambia mama maneno hayo dirishani pa dawa, wala mama ambaye angeyarudia kwa bibi atakayebaki na mtoto nyumbani. Kazi yangu ya kila siku ni kuhariri maandishi ya namna hii, na sentensi ikifika mezani katika hali hiyo ninazo njia tatu za kuishughulikia. Ninaweza kuiacha na umbo lake na kubadili maneno yanayokwaruza tu. Ninaweza kuigeuza kuanzia kwenye kitenzi, yaani kubadili nani anatenda, nani anatendewa, na kitenzi kinyambuliwe vipi. Au ninaweza kuiweka pembeni kabisa, nikajiuliza kinachokusudiwa ni nini, kisha nikakisema upya. Kila njia ina mahali pake, ina hatari yake, na hazilingani kwa faida.

Njia ya kwanza ikitumika, sentensi yetu inakuwa hivi:

"Ni muhimu kidonge kimoja kitolewe kwa mtoto kila siku kwa muda wa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma, ili kupata faida kamili ya matibabu."

Mabadiliko ni machache, lakini mojawapo si la urembo. Maneno "ni muhimu kwamba kinatolewa" yanaarifu jambo ambalo tayari linafanyika, kana kwamba tunamsifu mtu kwa kutoa dawa, ilhali mwandishi alitaka kuagiza. Kiswahili huagiza kwa kitenzi kinachoishia na irabu e: kitolewe, apewe, anyweshwe. Kosa hilo linajitokeza mara nyingi sana katika tafsiri, na lisiporekebishwa hakuna ulainishaji mwingine utakaosaidia. Vilevile kuharisha hakuachi. Mtu ndiye anayeacha kuharisha, au kuharisha kwenyewe kunakoma. Neno "wako" limeondoka kwa sababu mama anayesoma kipeperushi hana shaka mtoto ni wa nani, na Kiswahili hakina mazoea ya kumkumbusha mtu umiliki wa vitu vilivyo vyake kwa wazi. Ndiyo maana "osha mikono yako" inasikika kama imetoka mbali, na "nawa mikono" inasikika kama imetoka nyumbani. Tunaosha vyombo, tunafua nguo, tunaoga mwili, tunanawa mikono na uso, na mtoto mdogo tunamnawisha. Atakayetumia "osha" kwa kila kitu ameacha hazina yote hiyo ikikaa bure.

Katika daraja hili la maneno ndimo linamoangukia pia lile kosa mashuhuri la "kuchukua dawa". Anayechukua dawa ameitoa dukani au kabatini. Anayeitumia huinywa, hata kama ni kidonge, au huimeza, au huipaka, au huidondoshea jichoni. Ndimo inamoangukia pia "saa 8:00 asubuhi", ambayo si sentensi ngumu bali ni sentensi mbovu, kwa kuwa kwetu saa mbili ndiyo ya asubuhi na saa nane ni ya mchana au ya usiku wa manane. Mhariri asiyegusa saa kwa kuogopa kubadili takwimu ya asili atakuwa amehifadhi namba na kupoteza wakati.

Faida ya njia hii ni kwamba hairuhusu mhariri kupotea. Kila kilichokuwamo kimebaki, na mtu akiweka maandishi mawili bega kwa bega anaweza kuyafuata neno kwa neno. Hasara yake inaonekana ukisoma kwa sauti. "Kidonge kimoja kitolewe kwa mtoto" bado ni lugha ya taarifa ya ofisi, na msomaji hajui kama yeye ndiye anayeambiwa. Sentensi imepigwa pasi, lakini mshono wake ni uleule.

Njia ya pili inafumua mshono wenyewe:

"Mpe mtoto kidonge kimoja kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama ameacha kuharisha, ili matibabu yamfae ipasavyo."

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili kina uwezo mkubwa ambao tafsiri za haraka haziutumii. Lugha nyingine hubeba uhusiano wa watu na vitu kwa maneno madogo yanayopangwa pembeni mwa kitenzi, na sisi tunaubeba ndani ya kitenzi. Mfasiri anayefuata mpangilio wa lugha ya asili hujikuta ameandika "toa dawa kwa mtoto", kwa kuwa alikuta neno la kutoa na neno la kwa. Lakini kumpa ndicho kitenzi chetu cha kazi hiyo, na kile kiambishi -m- kimeshamtaja mtoto kabla hata jina lake halijafika. Vivyo hivyo "nunua dawa kwa ajili ya mtoto" ni "mnunulie mtoto dawa", na "kijiko ambacho kinatumika kwa ajili ya kupima dawa" ni "kijiko cha kupimia dawa". Mimi nimejizoeza kwamba kila ninapoona "kwa ajili ya" ninasimama na kujaribu kama kitenzi kilicho jirani kinaweza kuumeza mzigo huo kwa kauli ya kutendea. Mara nyingi kinaweza. Kisipoweza, kama katika "ametoa maisha yake kwa ajili ya nchi", maneno hayo yana haki ya kubaki.

Kinachofuata ni kile kirundo cha majina yaliyotokana na vitenzi: utolewaji, ufanyikaji, upatikanaji. "Kuhakikisha upatikanaji wa faida kamili ya matibabu" ina vitu vinne vilivyofungwa kwa kamba ya viunganishi, na hakuna anayetenda hata mmoja. Ukirudisha kitenzi, matibabu yanapata kazi na mtoto anapata nafasi: yamfae. Sisemi majina ya namna hiyo yafukuzwe. Upatikanaji wa maji ni jambo halisi ambalo diwani anaweza kulizungumzia mkutanoni. Tatizo linaanza pale jina linapokuja kuficha tendo ambalo msomaji mwenyewe ndiye anayetakiwa kulitenda.

Jambo la tatu katika njia hii ndilo ninalolithamini kuliko yote, na huwashangaza hata wahariri wazoefu. Wengi wanadhani kwamba wakiacha kauli ya kutendwa watalazimika pia kuacha mpangilio wa sentensi, yaani kile kilichotangulia kitupwe nyuma. Si lazima. Chukua sentensi kuhusu maji ya dawa yanayochanganywa kwa pakiti yenye alama ya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, ambayo hayafai kuwekwa zaidi ya saa 24. Kipeperushi kinasema: "Maji ambayo yamebaki yanapaswa kumwagwa na wewe baada ya saa 24." Mfasiri alitaka maji yatangulie, na alikuwa na sababu, kwa kuwa aya nzima inazungumzia maji. Kiswahili kinamruhusu kuyatanguliza bila kutendwa kokote: "Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage, uchanganye mengine." Maji yamekaa mbele kama mada, kiambishi -ya- kimeyafunga kwenye kitenzi, na anayeagizwa ni msomaji. Hivyo ndivyo watu wanavyosema majumbani: mlango ufunge, mtoto mfunike, hela hizi zitunze.

Humo humo "ambayo yamebaki" imekuwa "yaliyobaki". Kiunganishi amba- si adui, na mahali pengine hakina mbadala mzuri. "Pakiti ambayo haijafunguliwa" inasema kitu ambacho "pakiti isiyofunguliwa" haikisemi, kwa maana ya pili inaweza kueleweka kuwa ni pakiti isiyoruhusiwa kufunguliwa kabisa. Lakini amba- tatu katika sentensi moja ni dalili ya kutosha kwamba mfasiri alikuwa anatembea nyuma ya mtu mwingine.

Sasa niseme palipo na hatari ya njia ya pili, kwa kuwa wanaoipenda huizidisha. Wapo waliofundishwa kwamba kauli ya kutendwa si ya Kiswahili, nao huiwinda kila kona. Hilo si kweli. Tunasema amezaliwa, ameibiwa simu, nimeambiwa, wamefiwa, na hakuna namna nzuri zaidi ya kuyasema hayo. Kinachokwaruza ni kutendwa kunakofuatwa na "na wewe", "na yeye" au "nasi", na kuna sababu ya kimaana. Neno "na" hutaja mtenda, na pia huunganisha. "Dawa itumiwe na wewe" inaweza kusikika kama "dawa itumiwe, na wewe pia", na msikilizaji wa redio hana alama ya mkato ya kumsaidia. Kwa upande mwingine, kipeperushi hichohicho kina mahali ambapo kutendwa kunafaa kuliko kutenda: "Mtoto akitapika kabla ya nusu saa kupita tangu apewe kidonge, apewe kingine." Uzi wa sentensi hiyo ni mtoto, yeye ndiye anayetapika, yeye ndiye aliyepewa, na anayempa anaweza kuwa mama, shangazi au dada wa kazi. Kulazimisha "ulipompa" hapo kunambana msomaji bila faida.

Hatari nyingine ni kuteleza kutoka -wa kwenda -ka bila kukusudia, kwa kuwa -ka ni nyepesi mdomoni. "Chupa imevunjwa" ina mtu nyuma yake hata kama hatajwi. "Chupa imevunjika" inasema tu hali ya chupa. Katika kipeperushi tofauti hiyo ni ndogo. Katika ripoti ya uchunguzi au taarifa ya polisi ni kubwa sana, kwa maana "fedha zilitumika" na "fedha zilitumiwa na mhasibu" si habari moja, na mhariri anayelainisha ya pili iwe ya kwanza amemwondoa mtu kwenye kesi.

Njia ya tatu inaanza na swali: mwandishi alikuwa anaogopa nini alipoandika sentensi hii? Jibu linajulikana kwa yeyote aliyekaa kliniki. Mtoto huacha kuharisha siku ya pili au ya tatu, mzazi anaona amepona, na vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini vimsubiri mgonjwa mwingine. Ilhali tangu Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipopendekeza zinki kwa pamoja mwaka 2004, sababu ya kuendelea kwa siku 10 hadi 14 imekuwa kwamba dozi kamili humkinga mtoto kwa miezi miwili au mitatu inayofuata asiharishe tena kwa urahisi. Hiyo ndiyo ile "faida kamili" iliyofungiwa katika maneno ya mwisho ya sentensi yetu. Ukiisema upya unapata kitu kama hiki:

"Mtoto anaweza kuacha kuharisha baada ya siku mbili tatu. Usimkatishe dawa. Endelea kumpa kidonge kimoja kila siku mpaka zitimie siku 10, na zisizidi 14. Ukifanya hivyo, unampunguzia uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili au mitatu ijayo."

Hakuna ubishi kwamba hii ndiyo inayosomeka vizuri kuliko zote. Inaanza pale msomaji alipo, na kila sentensi inambebea jambo moja. Lakini angalia nilichofanya: nimeingiza "siku mbili tatu", ambazo hazikuwamo, na nimefafanua "faida kamili" kwa elimu yangu mwenyewe. Nilichosema ni kweli, ila sikukikuta kwenye karatasi. Kwa hiyo njia hii haifai kutumiwa na mhariri asiyeweza kuzungumza na mwenye maandishi, wala kwa maandishi ambayo yamekwisha kuidhinishwa neno kwa neno.

Nililipia somo hilo mapema. Katika kipeperushi cha dawa nyingine niliisema upya sentensi ndefu kwa ufasaha ulionifurahisha sana, nikaandika "mpe vidonge hivi kila siku asubuhi". Aliyesoma rasimu, muuguzi mwenye umri wa mama yangu, aliniuliza taratibu: "Mwanangu, vingapi?" Neno "kimoja" lilikuwa limeanguka njiani. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa sentensi yoyote kwa njia ya tatu, huandika pembeni mambo yake: nani anatenda, anamtendea nani, kitu gani, kiasi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi, na kwa sharti gani. Sentensi ya zinki ina yote saba. Nikimaliza kuandika upya, ninayatafuta moja baada ya jingine, na lisipoonekana sentensi inarudi mezani hata iwe nzuri kiasi gani.

Basi uchague ipi? Kwa mikataba, hati za ridhaa za wagonjwa na maandishi ya sheria, ambayo yameongezeka sana tangu Tanzania ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama mwaka 2021, ningeshauri uanze na ya kwanza, uingie ya pili kwa uangalifu, na ya tatu usiiguse. Mkataba wa nyumba unaosema "malipo yatafanywa na mpangaji kwa mwenye nyumba mnamo au kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi" unaweza kugeuzwa vizuri kabisa uwe "mpangaji atamlipa mwenye nyumba kodi kila mwezi, isipite tarehe 5". Kila aliyetajwa yumo, na siku yenyewe ya tarehe 5 bado imo. Aliyeandika "kabla ya tarehe 5" kwa kupenda ufupi amemnyang'anya mpangaji siku nzima.

Kwa maandishi yanayosomwa na mtu akiwa peke yake, kama vipeperushi, maelekezo ya kutumia kifaa au barua ya benki kwa mteja, njia ya pili ndiyo ya kutegemea. Inaleta lugha hai bila kumlazimisha mhariri kujua zaidi ya kilichoandikwa. Kwa tangazo la redio, au maneno ambayo mhudumu wa afya atayasema kwa mdomo, nenda moja kwa moja kwenye ya tatu, mradi mwenye maandishi yupo karibu na orodha ya mambo saba ipo pembeni. Kama maandishi yatasomwa pwani, bara na Kenya kwa pamoja, njia ya tatu ina mtihani wa ziada, kwa kuwa kadiri unavyokaribia mazungumzo ndivyo unavyokutana na tofauti za mahali. Anayeharisha Tanga huenda akaambiwa anaendesha huko Nakuru.

Kwa kipeperushi chetu cha zinki nilichagua njia ya pili, nikampelekea jirani yangu anayelea mjukuu. Sikumwuliza kama Kiswahili ni kizuri, kwa sababu watu wa heshima hujibu kwamba ni kizuri. Nilimsomea mara moja, nikamwomba anieleze atafanya nini. Akasema: "Nitampa kimoja kila siku, hata akiacha kuharisha nisikatishe." Kisha akanyamaza kidogo, akauliza: "Lakini siku ngapi, kumi au kumi na nne?"

Swali hilo halikuwa la lugha, na hakuna kati ya njia tatu ambayo ingelijibu. Maneno "siku 10 hadi 14" yalikuwa yameandikwa kwa ajili ya mtaalamu anayepanga dozi, yakapita katika tafsiri, katika uhariri, na katika masikio yangu mwenyewe, bila mtu kuona kwamba mzazi hawezi kutimiza hesabu mbili tofauti za siku. Nilirudi kwa mfamasia wa mradi. Tulipofungua boksi, kila kadi ilikuwa na vidonge 10, na kila mtoto hupewa kadi moja. Sentensi iliyochapishwa ikawa hii:

"Mpe mtoto kidonge kimoja kila siku mpaka vidonge vyote 10 viishe, hata kama ameacha kuharisha."